Barua ya blenda iliyovuja na mapengo yangu sita

Nafundisha Kiingereza jioni, Umoja, darasa la watu wazima. Wapo mafundi cherehani kutoka Goma, wapo vijana wa bodaboda, na yupo mama mmoja anayeuza juisi ya parachichi na embe karibu na steji. Kiswahili wanakimudu wote. Kiingereza ndicho kinachowakwamisha wakitaka kuandika jambo rasmi.

Huyu mama wa juisi alinunua blenda mjini, upande wa Luthuli. Siku ya tatu mpira wa chini ya jagi ukaachia, maji ya embe yakashuka kwenye mota, ikaanza kunuka kama waya ulioungua. Alipiga simu dukani, akaambiwa fundi atakuja. Fundi hakuja. Basi akaniletea barua yake ya malalamiko nimsahihishie, na nilipoisoma nikaona hapa pana somo zima: yaliyotokea, hali ilivyo sasa, na ombi. Nikamwomba ruhusa, nikafuta jina la duka na lake, nikaamua kuigeuza zoezi la kujaza mapengo.

Mwalimu mwenzangu, mtu wa miaka mingi kazini, akanipa ushauri kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa: "Hesabu tu. Futa kila neno la tano, umemaliza." Nikamheshimu, nikafuta, nikaenda saiba kutoa fotokopi, shilingi mia na kitu hivi. Jioni hiyo ilikuwa sarakasi. Neno la tano likiwa ni "your", watu waliandika "the", "a", "this", na fundi mmoja akaandika "bad", yaani alinunua blenda kwenye duka baya. Darasa zima lilimpigia makofi, na kisarufi alichokosa ni "a" tu mbele yake. Tarehe ilifutwa, kwa hiyo kila mtu akabuni mwezi wake. Vitenzi nilivyotaka vyote vilibaki salama isipokuwa kimoja.

Njia hiyo ya kufuta neno kwa hesabu si mbaya kwa kazi yake. Wilson Taylor aliileta mwaka 1953 ili kupima kama maandishi fulani yanasomeka kwa urahisi. Msomaji akiweza kubashiri maneno mengi yaliyofutwa, maandishi ni mepesi kwake. Lakini mimi sikuwa napima barua. Nilikuwa napima kama mtu anajua tofauti ya "bought" na "have bought", na hesabu ya tano haijui vitenzi viko wapi.

Yule bwana hakukata tamaa. "Basi futa vitenzi vyote, uweke mzizi kwenye mabano." Safari hii sikukimbilia saiba. Nilimpa dada yangu, anayefanya kazi ofisini Upper Hill na kuandika Kiingereza kutwa nzima, nikamwambia ajaze na aseme kila anaposita. Alisita karibu kila mahali. Penye "I ___ (call) you three times" akauliza, "Unataka 'called' au 'have called'? Zote zinaingia." Ni kweli zinaingia. Pengo ambalo mjuzi wa lugha anaweza kulijaza kwa namna mbili halimpimi mwanafunzi, linampima kama ana bahati. Tangu siku hiyo sitoi zoezi bila kulipitisha kwa dada. Ujira wake ni soda.

Dawa yake ni kuacha neno la wakati likae wazi karibu na pengo, neno linalofunga mlango wa jibu la pili. Tarehe kamili inafungia wakati uliopita. "Since then" na "yet" zinafungia hali timilifu, angalau kwa Kiingereza cha Uingereza ambacho ndicho kinachosahihishwa katika mitihani yetu. Wamarekani hawajali sana penye "yet", na mwanafunzi aliyeshiba filamu zao atakuuliza. Hivi ndivyo karatasi ilivyotoka:

```
I (1) ______ (buy) a blender from your shop on 4 March.
It (2) ______ (work) well for two days,
then the jug (3) ______ (begin) to leak.
I (4) ______ (call) you three times since then,
but you (5) ______ (not send) anyone yet.
REFUND MY MONEY. = I would be grateful if
you (6) ______ ______ my money.
```

Pengo la kwanza ndilo lililowaangusha wengi, na sababu iko kinywani mwetu. Hapa Nairobi mtu anakwambia "nimenunua juzi" na hakuna anayeshtuka. Akiihamisha hiyo "-me-" moja kwa moja anapata "have bought on 4 March", na Kiingereza kinakataa, kwa sababu tarehe iliyokwisha kupita haikai na hali timilifu. Kwa hiyo nikawakataza kugusa mapengo kwanza. Chukua kalamu, zungushia kila neno linalojibu swali "lini?". Kama jibu ni wakati uliokwisha, kitenzi ni cha wakati uliopita, hata kama Kiswahili chako kinasema "nime-". Penye pengo la pili hakuna tarehe, lakini "then" inayofuata inaonyesha kwamba zile siku mbili zimeisha na hadithi imesonga mbele.

Pengo la tano lilikuwa rahisi kupita yote, nami ninajivunia jinsi nilivyolifundisha. Niliwaambia waseme kwa Kiswahili: "hamjamtuma mtu bado." Hiyo "-ja-" ya kukanusha haitudanganyi kama "-me-". Ukisikia "hamja-", "haija-", "sija-", andika "have not" au "has not" bila wasiwasi. Mama wa juisi alilipata kabla sijamaliza kueleza, maana sentensi hiyo alikuwa ameiimba nyumbani wiki nzima.

Ombi ndilo lililoleta ubishi. Katika barua yake ya kwanza aliandika "You will return my money", na alipoambiwa ni kali akaongeza "please" mbele, akidhani imepoa. Amri yenye "please" bado ni amri. Kwetu "naomba mnirudishie" inatosha, upole uko ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza cha barua kinataka "could" ibebe huo upole. Sikuacha pengo la "could" peke yake mwanzoni mwa swali, kwa sababu hapo "can", "would" na "will" zote zingeingia na ningerudi kulekule. Ndiyo maana nikaweka sentensi kali kwa herufi kubwa, waigeuze kwa maneno mawili: "could refund". Aliyeandika "would refund" nilimpa alama kamili pia. Aliyeandika "could refunded" nilimpa nusu, na tukabishana mpaka taa zikazimwa.

Mama alitaka tuongeze kitisho cha polisi. Nikamwambia aweke mstari mmoja tu kwamba Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Akainakili barua kwa mkono, akabana risiti kwa pini, akaipeleka mwenyewe.

Pesa hawakurudisha, walimpa blenda nyingine, na mpira wa hii umekaza. Kabla ya hapo walimtumia ujumbe wa simu: "We have received your letter yesterday." Nimelifuta jina la duka na kuuweka juu kabisa kwenye karatasi ya Jumatano, wanafunzi wausahihishe.