Jinsi nilivyofunga sidi ili kulinganisha neno moja la vazi kwa haki

Katika Stable Diffusion WebUI, programu inayotengeneza picha kutokana na maelezo ya maneno, kisanduku cha Seed hushika sidi, yaani namba inayoamua kelele ya mwanzo, zile nukta za nasibu ambazo picha hujengwa juu yake. Kikiwa na -1, kila picha huanza na kelele mpya. Ukibadilisha "coat" kuwa "raincoat", uso, mkao na mwanga navyo hubadilika, kwa hiyo huwezi kujua tofauti imeletwa na neno au na bahati tu.

Dawa ni kuandika namba moja, mfano 1234, kisha kuacha ukubwa wa picha, Sampler, Steps na CFG Scale bila kuvigusa. Ukubwa ndio husahaulika zaidi: ukiubadilisha, kelele ya mwanzo hubadilika hata kama sidi ni ileile. Batch count ibaki 1, maana picha inayofuata hupewa sidi iliyoongezwa moja.

Maelezo yangu ya picha:

```
photo of a woman at a bus stop, wearing a red coat, full body
```

Chini, kwenye Script, chagua X/Y/Z plot, inayopanga picha kwenye jedwali, weka X type kuwa Prompt S/R, inayotafuta neno na kulibadilisha, kisha andika:

```
coat, raincoat, cardigan
```

Neno la kwanza lazima liwemo kwenye maelezo, herufi kwa herufi. Mengine huchukua nafasi yake. Neno "red" nililiacha palepale makusudi, rangi isiyumbe.

Usitarajie mandhari kuganda kabisa. "Raincoat" mara nyingi huleta mvua na lami iliyolowa, kwa sababu neno huathiri picha nzima. Kwa hiyo weka Y type kuwa Seed, andika 1234, 77, 905. Badiliko linalojirudia kwa sidi zote tatu ndilo la kuhesabu kuwa limetokana na neno.