Kadi ya 09/26 inaisha siku gani: namna nilivyopanga fomu ya hoteli Lubumbashi

Kadi ya banki iliyoandikwa 09/26 inatumika mpaka tarehe 30 mwezi wa tisa 2026, siku nzima. Inakufa tarehe 1 mwezi wa kumi inapoanza. Kadi nyingi zinazotolewa na banki za Kifaransa zinalisema wazi kwa maneno `EXPIRE FIN` juu ya tarehe. Hata hivyo fomu nyingi za malipo zinaikataa kadi nzima kabla ya wakati, ndiyo maana naeleza hapa nilivyoipanga ile ya hoteli ninayoitunza.

Kosa lenyewe linatokana na kompyuta kutojua tarehe isiyo na siku. Ukiipa mwezi na mwaka tu, inajaza siku ya kwanza yenyewe, saa sita ya usiku. Basi 09/26 inageuka 1/9/2026 saa 00:00, na mteja anaambiwa kadi imeisha huku mwezi mzima ungali mbele yake. Wengine wanarekebisha kwa kuweka siku ya mwisho ya mwezi lakini wanaacha saa 00:00, na hapo kadi inakataliwa tarehe 30 tu, kuanzia asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo angalia malalamiko yanakuja lini: yakianza tarehe 1 ya mwezi ulioandikwa kwenye kadi, kosa ni la kwanza, yakija siku ya mwisho peke yake, ni la pili.

Mimi niliachana na siku kabisa. Nahesabu miezi: mwaka mara 12, halafu najumlisha mwezi. 09/26 inatoa 2026 × 12 + 9, yaani 24321. Siku yoyote ya mwezi wa tisa inatoa 24321 pia, kwa hiyo kadi inapita. Tarehe 1 mwezi wa kumi inatoa 24322, imezidi, kadi inakataliwa. Mwisho wa mwaka hausumbui, kwani 12/26 ni 24324 na mwezi wa kwanza 2027 ni 24325. Wala hutahitaji kujua mwezi una siku 30 au 31. Kadi ya 02/28 ndiyo inayochanganya watu zaidi, maana pale resepsioni inasomwa kama tarehe 28 mwezi wa pili. Ni mwezi wa pili 2028, na mwaka huo mwezi una siku 29, basi kadi inafanya kazi hata tarehe 29.

Inabaki swali la saa ya nani. Lubumbashi, Goma na Bukavu tuko saa moja mbele ya Kinshasa: kwetu ikiwa 00:30 tarehe 1 mwezi wa kumi, Kinshasa bado ni 23:30 tarehe 30. Mgeni anayefanya rezavasio kutoka New York ndiyo kabisa: kwetu 05:00 alfajiri ya tarehe 1, kwake ni 23:00 ya tarehe 30. Neno la mwisho ni la banki iliyotoa kadi, si la fomu yangu. Kwa hiyo fomu inakataa pale tu ambapo mwezi umekwisha duniani kote, yaani masaa 12 baada ya usiku wa manane wa UTC, ambayo kwetu ni 14:00 mchana wa tarehe 1:

```
const t = new Date(Date.now() - 12 * 3600 * 1000);
const leo = t.getUTCFullYear() * 12 + t.getUTCMonth() + 1;
const kadi = (2000 + Number(yy)) * 12 + Number(mm);
const halali = mm >= 1 && mm <= 12 && leo <= kadi;
```

Ile `+ 1` usiisahau, kwani `getUTCMonth()` inahesabu miezi kuanzia 0. Kadi iliyoisha kweli ikipenya katika saa hizo, banki itaikataa yenyewe na kutuma jibu la 54, kadi imeisha.

Kwa hoteli kuna jambo jingine. Mgeni anaweza kuandika kadi ya 09/26 leo, ilhali atafika na kulipa tarehe 6 mwezi wa kumi. Leo kadi ni nzima, siku ya malipo itakuwa imeisha. Nafanya hesabu ileile mara ya pili kwa tarehe ya kulipa, na ikizidi simkatalii mgeni. Namwomba alipe sasa au alete kadi mpya. Kadi mpya ikija na namba kubwa ileile, tarehe na zile tarakimu tatu za nyuma hubadilika, basi lazima aziandike upya.

Na kama fomu imekubali lakini TPE ya resepsioni inasema kadi imeisha, toa risiti kwanza usome tarehe iliyochapwa. Mashini inalinganisha tarehe ya kadi na saa yake yenyewe. Saa hiyo ikiwa imeruka mbele, itakataa kadi nzima za wateja wengine pia.