Maneno Niliyoandika Chini ya Picha

Picha ile ipo ukurasa wa kwanza wa albamu yangu. Nimevaa kitenge cha bluu, nimembeba mtoto wa miezi mitatu aliyefunikwa kitambaa cheupe, na baba wa ubatizo amesimama pembeni ameshika mshumaa. Chini yake niliandika kwa kalamu: “Agosti 2016. Nimepewa mtoto nimsimamie. Ee Mungu, nisaidie nisimame mwenyewe.”

Mama wa mtoto nilisoma naye sekondari. Alinipigia simu akiwa na mimba ya miezi saba. “Dada, tumezungumza na mwenzangu. Tunaomba uwe mama wa ubatizo wa huyu anayekuja.” Nilikubali kabla hajamaliza, kisha nikakaa kitandani muda mrefu nikilia kwa furaha. Marafiki anao wengi, na ndugu zake wa damu wapo. Alinichagua mimi.

Kwa kuwa nilikuwa nasali parokia nyingine, nilitakiwa kupeleka barua ya paroko wangu ikithibitisha kwamba nimetimiza miaka 16, nimepata Komunyo na Kipaimara, na ninaishi maisha ya sakramenti. Barua ya paroko huanzia kwenye jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja nyumbani. Ndipo nilipokwama. Misa nilikuwa siikosi, ila kwenye jumuiya nilikuwa sijakanyaga karibu miaka miwili. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, alinikaribisha kwenye mkeka barazani, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza taratibu: “Mwanangu, mimi nitaandika kwamba nakufahamu. Nakufahamu?”

Sikuwa na jibu. Hakunifukuza. Aliniambia nije Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na Jumamosi zitakazofuata. Nilikwenda. Baada ya wiki sita aliniandikia barua, nikaipeleka ofisi ya parokia, ikagongwa mhuri.

Semina ya wazazi na wasimamizi ilifanyika Jumamosi mbili, darasani nyuma ya kanisa. Familia moja ilikuja na wasimamizi wanne. Katekista aliwaeleza kwa upole kwamba Kanisa huandika msimamizi mmoja, au wawili, mwanamume na mwanamke, basi. Akaeleza pia kwamba baba na mama waliomzaa mtoto hawawezi kuwa wasimamizi wake. Lakini jambo lililonikaa moyoni lilitokana na swali la baba mmoja kijana aliyetaka kujua kama siku ile tutajibu kwa niaba ya watoto. Katekista alitikisa kichwa. “Hapana. Padre atakuuliza wewe kama unamkataa Shetani. Atakuuliza wewe kama unamsadiki Mungu Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Mtoto anabatizwa katika imani ya Kanisa, na wewe ndiye unayesimama pale kuiungama. Ukijibu kwa mdomo tu, umemjibia nani?”

Miaka yote nilidhani msimamizi humsemea mtoto asiyeweza kusema. Usiku ule nilikaa na Kanuni ya Imani niliyoisali tangu utotoni, nikaisoma polepole, sentensi baada ya sentensi, kama mtu anayesoma mkataba kabla ya kuweka sahihi.

Siku ya ubatizo watoto walikuwa kumi na mmoja. Padre alimwekea kila mtoto alama ya msalaba kwenye paji la uso, kisha akatuita wazazi na wasimamizi tufanye vivyo hivyo. Kidole gumba changu kilitetemeka. Yalipokuja maswali, kanisa lilikuwa na kelele za vichanga, nami nilijibu kwa sauti niliyotaka mimi mwenyewe niisikie. Kisha maji, mara tatu. Alishtuka, akalia, akatulia begani kwangu. Akapakwa krisma utosini. Harufu yake ilibaki kwenye nywele zake hadi jioni. Baba wa ubatizo akawasha mshumaa wetu kutoka mshumaa wa Pasaka uliokuwa karibu na kisima cha ubatizo.

Baada ya Misa tuliingia ofisini. Karani alifungua daftari kubwa la ubatizo, akaandika jina la mtoto, ambalo ni la bibi yake, tarehe, wazazi, padre, na kwenye safu ya wasimamizi jina langu. Aliniomba nihakikishe herufi. Akanionyesha nafasi iliyoachwa wazi kwenye mstari uleule: hapo kitaandikwa Kipaimara chake, na ndoa yake akifunga, au upadre angekuwa wa kiume. Popote atakapoishi, atakapohitaji cheti kipya watarudi kwenye mstari huu, na mimi nitakuwa humo.

Niliitazama ile nafasi tupu mbele ya jina langu hadi karani akaniuliza kama kuna kosa. Nikamwambia hakuna.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili kasoro, nilikuwa barazani kwa mwenyekiti nikimsaidia kutandika mikeka.