Nilivyowapata watu wa kupanda mikoko bila posho wala faini

Kikundi chetu hupanda mikoko upande wa Mikindani, huku Tudor Creek, Mombasa, na hakuna anayelipwa hata ndururu. Ukiuliza kwenye grupu ya wasap nani anakuja Jumamosi, utajaziwa madole gumba na inshallah mpaka simu ipate moto, halafu asubuhi uko kwenye tope na magunia ya mbegu na watu wanne, mmoja kaja na mtoto.

Na bahari haina subira. Sisi hupanda siku za bamvua, maji yakipwa mbali kwenye saa nne, saa tano za asubuhi, tope lote laonekana, lakini ukijivuta kidogo maji yanarudi yanakutoa mbio. Wiki inayofuata ni maji mafu, hayatoki vya kutosha, kwa hivyo aliyekosa hawezi kunambia atafidia Jumamosi ijayo.

Ushauri niliopewa sasa! Kuna bwana mmoja mzoefu wa vyama vya kuchangishana alishikilia tupige faini, soo moja kwa kila anayekosa bila udhuru, ati watu huheshimu mfuko wao. Mwanzo ikawa tamu, watu wakaja. Halafu nikaanza kupokea Mpesa Ijumaa usiku. Ijumaa usiku! Mtu hajakosa bado ashalipia kukosa. Kuna mmoja alituma mia mbili, nikadhani kakosea, nikampigia nimrudishie, anambia "la dada, hiyo ingine ni ya mwezi ujao." Zamani mtu huyo huyo akikosa alikuwa akiniona sokoni anapinda njia, sasa ananiita kwa mbali, "dada vipi, mikoko yaendeleaje?" Ile haya ndiyo iliyokuwa ikiwaleta, na sisi tukaiuza kwa soo. Kibubu kimejaa, tope halina mtu. Faini nikaitoa, na yule bwana mpaka leo ananung'unika ati hatukuwa wakali vya kutosha.

Posho hata msinianze. Kuna siku mfadhili aligawa pesa, watu wakamiminika na nguo za Idi, wakatia sahihi, na mara iliyofuata swali la kwanza likawa "leo hakuna kitu?"

Kilichofaulu ni kuacha kuuliza grupu nzima. Swali la watu wote kila mmoja adhani mwenzake atalijibu. Sasa Alhamisi napitia mtu mmoja mmoja, namwandikia hivi: wewe na mama fulani mna safu ya tatu, kamba ni yako, vijiti anavyo yeye. Kamba yenyewe ina fundo kila mita, kila fundo ndipo mbegu inapodungwa, na hulala kwake kuanzia hiyo Alhamisi. Bila kamba vijiti vya mama havina kazi, na mama hapendi kusimama kwenye tope bure, kwa hivyo saa mbili asubuhi atakayegonga mlango ni yeye, si mimi. Nawapanga wa mtaa mmoja ili waje na tuktuk moja, nauli narudisha, hiyo si posho, ni kutomtia mtu hasara. Na sikubali jibu la inshallah peke yake, nauliza "mwapitiana saa ngapi?" Mwenye nia hutaja saa. Asiye na nia huanza hadithi, nami nampa kamba mtu mwengine mapema, bila ugomvi. Kusema hatakuja ni ruhusa, kupotea kimya ndiyo siitaki.

Anayepotea mara mbili namfuata faragha, sio kumtaja kwenye grupu, ukimtaja atajitoa na atatoka na binamu zake. Kijana mmoja nilimkuta maskani nikamuuliza tu, "nikuweke wapi?" Kumbe ana shifti ya usiku bandarini, Jumamosi asubuhi ndiyo saa yake ya kulala, na kila mara alisema atakuja kwa kuona haya kukataa. Nikamhamishia kwenye kitalu cha mchu, ile mikoko inayokuzwa kwanza kwenye viriba, kujaza viriba tope na kumwagilia, saa za alasiri anazozitaka mwenyewe. Sasa ufunguo wa kitalu anao yeye na mimi nikiutaka namuomba.

Wapo ambao hata hivyo hawaji. Hao nawatoa kwenye safu, nawaacha kwenye grupu, wakitaka kurudi watauliza. Na bado kila bamvua napanga kana kwamba thuluthi ya waliotaja saa hawatatokea: mbegu nachukua za walio hakika, na safu ya mwisho siipi mtu mpaka nione nyuso, wakija wote ndio wanaipata na mahamri yanagawanywa nusu nusu.