Siku Moja Maishani Mwangu: Tarehe 20, Mhasibu wa VAT Mombasa

Saa moja na nusu asubuhi. Tarehe 20 kwetu wahasibu ni siku ya mwisho kufaili ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita. Ukichelewa, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Leo nina karakana ya samani, duka linalouza kazi zake, na mwoka mikate. Wote nimewaacha hadi siku ya mwisho, kwa sababu ankara zao huja kwa kudonoadonoa.

Saa mbili na nusu. Naanza na karakana. Mwezi uliopita walinunua mbao za MDF kwa mwagizaji: shilingi 100,000, na VAT ya asilimia 16 juu yake, 16,000. Wakatengeneza madawati, wakaliuzia duka kwa 180,000 na VAT 28,800. Hiyo 28,800 ni kodi ya mauzo, na ile 16,000 ni kodi ya manunuzi. Ukitoa ya manunuzi kwenye ya mauzo, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inadai 12,800.

Mzee mwenye karakana huniuliza kila mwezi kwa nini alipe kodi na mbao keshazilipia. Humwambia aitazame ile 80,000 iliyozidi kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Humo mna ujira wa mafundi na faida yake, na asilimia 16 yake ni 12,800. Fundi hatoi ankara ya VAT kwa mshahara wake, kwa hivyo upande huo hakuna cha kukata.

Saa nne. Kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kufaili ritani, ankara ya mbao haionekani. Nikiiangalia karatasi yenyewe napata kisa: karani wa muuzaji aliingiza PIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mzee binafsi badala ya ile ya kampuni. Mbao zilifika, pesa zililipwa, na muuzaji ametangaza mauzo, lakini kwa mfumo mnunuzi ni mtu mwingine kabisa.

Nampigia karani. "Mama, nitakutolea nyingine sasa hivi," asema. Anafuta ile ya kwanza kwa krediti noti kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kisha anatoa mpya yenye PIN sahihi. Tatizo ni kwamba hiyo mpya ina tarehe ya leo, nami nafaili ya mwezi uliopita. Basi mwezi huu karakana italipa 28,800 nzima, na ile 16,000 itakatwa kwenye ritani ijayo. Sheria inatoa miezi 6 ya kudai kodi ya manunuzi, kwa hivyo haipotei. Ila mzee alihitaji 16,000 hizo leo, si mwezi ujao, na sikumlaumu aliponung'unika.

Saa saba mchana. Wali wa nazi, haraka.

Saa nane. Duka liliuza madawati yale kwa shule ya msingi ya binafsi: 240,000 na VAT 38,400. Linakata 28,800 lililotozwa na karakana, linalipa 9,600.

Hapa napenda kurudi nyuma nihesabu mnyororo mzima, kama kila ankara ingekuwa sawa. Mwagizaji alilipa 12,000 bandarini Kilindini, akatoza 16,000, akalipa tofauti ya 4,000. Karakana 12,800. Duka 9,600. Jumla ni 38,400, sawasawa na asilimia 16 ya bei ya mwisho. Kama duka lingekwepa kabisa, serikali ingekosa 9,600 tu. Iliyobaki imeshaingia njiani. Na kila mnunuzi wa kati humdai ankara anayemuuzia, kwani bila ankara kodi ya mwenzake inakuwa mzigo wake.

Saa tisa na nusu. Mhasibu wa shule anapiga simu: nao watakata ile 38,400 wapi? Hawana pa kukata. Huduma ya elimu imesamehewa VAT, maana yake shule haitozi wazazi kodi ya mauzo, na asiyetoza hana cha kupunguzia. Kodi imefika mwisho wa safari, nayo itajificha ndani ya karo.

Saa kumi na moja jioni. Mwoka mikate ana hali nyingine. Mkate wa kawaida hutozwa VAT ya asilimia sifuri, nayo bado ni bidhaa inayotozwa. Kwa hivyo anadai kodi yote aliyolipa kwenye vifungashio na matengenezo ya tanuri. Kwake hesabu huangukia upande wa kurudishiwa, na marejesho hayo humfanya asubiri sana. Wengi hudhani msamaha na sifuri ni kitu kimoja. Muulize bosi wa shule na mwoka mikate uone.

Saa mbili usiku. Nimefaili zote tatu. Naitumia karakana namba ya malipo ya 28,800, na ankara mpya ya mbao naiweka kwenye faili la mwezi huu.