Kasha la mwisho la sili

Jana nilikuwa nafunga upya bomba la jikoni. Nilipoichana pakiti ya sili, ule mpira mdogo wa duara unaozuia maji kuvuja, harufu yake mpya ikanirudisha kwenye stoo ya kiwanda cha pampu, asubuhi ile sili zilipotuishia.

Tulikuwa na miezi miwili tu tangu tuache kujaza stoo. Kila sehemu ya pampu ilikuja inapohitajika, kwa kadi, ule utaratibu Wajapani wanauita kanban. Kasha likifunguliwa, kadi yake inarudi kwa msambazaji, naye analeta kasha jingine. Hesabu ya kadi za sili niliifanya mimi. Laini ya kuunganishia pampu ilikula sili 60 kwa saa, na kasha moja lilibeba 60. Kutoka kadi kuondoka hadi kasha kufika, daftari la mapokezi lilinipa wastani wa saa 5. Nikaongeza asilimia 20 ya tahadhari, nikapata kadi 6. Maana yake ni saa 6 za kazi, basi.

Siku hiyo daraja lilifungwa kwa mvua, na gari la msambazaji likakwama ng'ambo.

Nilikwenda mwenyewe kwenye laini, nikainama juu ya kasha la mwisho, nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa 23. Supavaiza akasimama nyuma yangu.

"Zimebaki dakika ngapi?"

Hakuuliza sili ngapi, na hakuwa na haja, kwa sababu kwetu sili moja ilikuwa dakika moja. Dada aliyekuwa akizifunga hakupunguza mwendo. Alichovya sili kwenye mafuta, akaikalisha kwenye mfereji wake, akapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo kuhakikisha haijajikunja, akasukuma pampu mbele. Zikawa 10. Zikawa 4. Kisha mkono wake ukaingia kwenye kasha, ukagusa karatasi ya chini, ukabaki hapo.

Nilikuwa nadhani laini husimama yote kwa pamoja. Sivyo. Waliokuwa mbele yake waliishiwa kazi mmoja baada ya mwingine, kadiri pampu za mwisho zilivyowapita. Waliokuwa nyuma yake waliendelea kidogo, hadi pampu zisizo na sili zikajaa mezani na kukosa pa kwenda. Mota zilikuwepo, vifuniko vilikuwepo, nati zilikuwepo. Kimya kilianzia kwenye meza ya yule dada, kikasambaa pande zote mbili.

"Kaka, nifanye nini sasa?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Tulisimama saa 2 na dakika 10.

Jioni nililifungua tena daftari nikasoma safari moja moja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Kati ya safari 20, 17 zilichukua saa 4 na nusu, na 3 zilichukua saa 8. Ukizijumlisha na kuzigawa unapata kama saa 5, muda ambao hakuna gari hata moja lililoutumia. Zile safari 3 zilikuwepo siku zote, ila zamani stoo ilipojaa hakuna aliyeona kuchelewa kwake. Asilimia 20 yangu ilinipa saa moja ya kujikinga, ilhali mzigo ulipochelewa ulichelewa saa 3.

Baadaye nilisoma kuhusu moto wa tarehe 1 Februari 1997 katika kiwanda cha Aisin Seiki, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za Toyota za aina moja. Vali ni kitu kidogo, lakini laini za Toyota zilisimama kwa siku kadhaa. Na hata baada ya hapo hawakuuacha mfumo wao wa kadi.

Mimi nilipendekeza kadi 9: 8 za safari ndefu na 1 ya ziada. Bosi, ambaye alikuwa amejibu simu za wateja siku nzima, akaagiza sili za wiki mbili. Nilimwelewa, na sikubisha.

Miezi michache baadaye pampu zikaanza kuvuja kwenye meza ya majaribio. Sili zilikuwa na mkato mdogo ukingoni, wa kutoka kwenye kalibu ya msambazaji. Kwa kadi 6 tungeligundua siku ileile, mkononi tukiwa na sili 360 tu. Sasa zilikuwa maelfu, zimepangwa rafu hadi rafu, na msambazaji alikuwa ameendelea kuzitengeneza hivyohivyo bila mtu wa kumwambia. Tulizikagua moja moja kwa siku nne.

Mpaka leo najiuliza kama kadi 9 zingetuokoa mara zote mbili. Daraja lile lingeweza kufungwa kwa siku mbili.

Jana kabla ya kuikalisha ile sili kwenye bomba, niliipitisha kidole gumba ukingoni, mzunguko mzima, taratibu, kama alivyokuwa akifanya yule dada.