Ninavyouza vitabu vya mtumba onlaini: kuchagua, kuelezea hali yake na kufunga mzigo

Swali ninaloulizwa sana ni stoku natoa wapi, na jibu lake fupi tu: kwa watu waliomaliza na watu wanaohama. Mwanafunzi akishafanya mtihani wa mwisho kile kitabu kinene cha kozi kinageuka mzigo, hana pa kukiweka wala hataki kukiona tena, ukimfuata wiki ile ile anakuachia kwa bei ya chee, halafu muhula mpya ukikaribia kitabu hicho hicho kinatafutwa kwa tochi. Kwaiyo mi nanunua muhula unapoisha na napandisha tangazo unapokaribia kuanza. Riwaya hazina msimu kihivyo, hizo nachukua kwa maboksi toka kwa wanaohama nyumba au maktaba zinazopunguza vitabu, na sikubali bei ya kimoja kimoja, naomba bei ya boksi zima kwa sababu najua kabisa sehemu kubwa ya kilichomo humo hakina soko.

Kabla sijatoa hela naangalia ISBN, ile namba iliyo nyuma ya jalada juu ya mistari ya baakodi. Vitabu vya kuanzia 2007 vina namba ya tarakimu 13, vya kabla ya hapo tarakimu 10, na vya zamani sana havina kabisa. Raha yake ni kwamba kila toleo lina namba yake, jalada gumu namba yake na jalada laini namba yake, kwaiyo ukiandika ile namba kwenye simu unapata kitabu chenyewe hasa ulichokishika mkononi na sio ndugu yake. Kwa vitabu vya masomo hii ndo roho ya biashara, maana toleo jipya likitoka tu la zamani bei yake inaporomoka, wakati mwingine wanafunzi hawalitaki hata bure, kwa sababu mwalimu anatoa maswali kwa namba na kurasa za toleo jipya. Alafu nikishakipata siangalii bei ambazo wauzaji wameweka, kuweka bei hata mimi naweza kuweka ya ndege, naangalia bei ambazo vimenunulika kweli. Kama anayeniuzia anataka zaidi ya robo ya hiyo bei naachana nacho, maana bado kuna kamisheni ya saiti, nauli ya mzigo na vifaa vya kufungia, vyote vinakula humo humo.

Kitu kingine cha kuangalia kwa vitabu vya masomo ni kile kikadi au kikaratasi chenye msimbo wa kuingilia mazoezi ya mtandaoni. Mara nyingi ule msimbo unatumika mara moja tu. Ukikuta umeshakwanguliwa jua umekufa, na wewe unauza karatasi peke yake, kwaiyo bei iwe ya karatasi na tangazo liseme hivyo wazi.

Sasa tuje kwenye kukikagua, hapa ndo nachukua muda. Naanza na pua. Nakifungua katikati, nakisogeza karibu nanusa, harufu ya uvundo ikija tu nakirudisha, hata kiwe kizuri vipi, kwa sababu ukungu ukipata unyevu unaamka na ukikiweka kwenye rafu na wenzake unahamia kwao pia. Yale madoa madogo ya kahawia yanayotokea kwenye karatasi za zamani hayanitishi, yale nayataja tu kwenye tangazo. Baada ya pua ni mgongo. Nakishika kitabu nakiangalia kutoka juu pale kurasa zinapokutana na mgongo, kama naona vifungu vifungu vilivyokunjwa basi kimeshonwa na kitadumu, kama ni karatasi moja moja zimepangwa kwenye gundi basi nakifungua taratibu sehemu tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni, nasikiliza. Gundi iliyokauka inalia krak na pale pale kurasa zinaanza kuachia. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kuonekana kipya kabisa kwa nje, afu mnunuzi akikifungua mara ya pili kurasa zinamwagika na hapo huna utetezi.

Kisha naziangalia kingo tatu za kurasa kikiwa kimefungwa. Maji hayajifichi hapo, utaona mstari wa kahawia au kurasa zimejikunja mawimbi mawimbi. Mwisho ndo napitisha kidole kurasa zote haraka kutafuta maandishi, hailaita, kurasa zilizokunjwa pembe na zilizochanika. Na nahakikisha hakuna ukurasa uliotoka, hasa picha za rangi na majedwali ya mwishoni, watu huwa wanayachomoa hayo.

Ngoja nitoe mfano wa kitabu kimoja, cha fiziolojia, jalada gumu, kizito kama tofali, nilikipata kwa binti mmoja aliyekuwa amemaliza. Nje kilikuwa safi isipokuwa pembe moja ya chini imebonyea, ilionekana kimewahi kudondoka. Mgongo umeshonwa, umekaza. Ndani ya jalada kuna jina limeandikwa kwa kalamu ya wino. Sura nne za mwanzo zimepakwa hailaita ya njano karibu kila ukurasa, baada ya hapo hakuna kitu, nadhani mwenye nacho alichoka kama tunavyochokaga wote. Kwenye sura ya saba kuna maelezo ya penseli pembeni. Penseli nilifuta kwa raba laini nikianzia katikati kwenda nje ili karatasi isikunjike. Hailaita huwezi kufuta, usijaribu, utachubua karatasi.

Tangazo niliandika hivi: “Hali: nzuri ya wastani. Toleo na ISBN viko kwenye picha ya pili. Hailaita ya njano sura ya 1 hadi ya 4, karibu kila ukurasa, maandishi yanasomeka vizuri. Sura zilizobaki hazina alama. Jina la mwenye nacho wa kwanza limeandikwa kwa wino ndani ya jalada. Pembe ya chini kulia imebonyea, angalia picha ya tano. Mgongo umekaza, hakuna ukurasa uliotoka wala kuchanika. Hakijaguswa na maji. Msimbo wa mtandaoni umeshatumika, hauuzwi.” Basi. Angalia sikuandika “kimetumika kidogo” wala “kiko poa sana”, maneno hayo kila mtu anayapima kwa kipimo chake na ugomvi wote unatokea hapo. Nasema kasoro ni nini, iko wapi, imeenea kiasi gani, na kama bado unaweza kusoma. Na kasoro kubwa inatangulia, siifichi chini ya aya kama mkopeshaji. Jina la yule binti kwenye picha nilifunika kwa kidole, si lazima dunia nzima imjue.

Madaraja ya hali saiti nyingi zina yao, kama jipya, nzuri sana, nzuri, inasomeka. Nikisita kati ya mawili mi nachukua la chini. Mtu akitegemea “nzuri” akapokea “nzuri sana” hakuandikii chochote kibaya, lakini kinyume chake utarudishiwa kitabu, hela na nauli juu. Kitabu kilichotoka maktaba nakisema hata kama kinang'aa, sababu kina mihuri, lebo kwenye mgongo na mfuko wa kadi, na wengine hawavitaki hivyo.

Picha napiga karibu na dirisha mchana, bila flashi, flashi inaunguza kasoro zisionekane na mnunuzi anajua. Jalada la mbele, ukurasa wa hakimiliki, mgongo, kingo, halafu ukurasa mbaya kuliko yote. Huo wa mwisho ndo unaouza kuliko picha zote, maana akishauona anajua vingine ni bora zaidi ya hapo. Yule aliyenunua cha fiziolojia aliniuliza swali moja tu, kama hailaita imetokea upande wa pili wa karatasi. Nikampigia picha ya upande wa pili, akalipa.

Riwaya siandiki risala ndefu namna hiyo, faida yake ni ndogo, ukikaa nayo nusu saa umekula hasara. Naangalia mikunjo ya mgongo, unjano wa karatasi na kama kuna ukurasa umetoka, naandika mistari miwili. Zile za bei ndogo nauza kwa fungu, za mwandishi mmoja au mfululizo mmoja pamoja, kwa sababu nauli ya kitabu kimoja inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe, ila vitano vikienda pamoja inaleta maana. Hapo usichanganye ukubwa na majalada tofauti bila kusema, mtu anayekusanya mfululizo anataka vikae sawa kwenye rafu.

Kufunga mzigo, adui ni wawili, maji na pembe. Kwanza kitabu naking'arisha kwa kitambaa kikavu, stika ya bei naitoa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilainike, navuta pole pole. Kisha plastiki, nakizungushia chote na kuseloteipu plastiki kwa plastiki, seloteipu isiguse jalada kabisa. Magazeti situmii kugusana na kitabu, wino wake unahamia. Baada ya plastiki nakata vipande viwili vya boksi gumu vinavyozidi kitabu kama sentimita mbili kila upande, kitabu kinakaa katikati kama nyama kwenye mkate, nafunga kwa seloteipu msalaba. Ile ziada ya pembeni ndo inayopokea kipigo mzigo ukidondoka, pembe za kitabu zinabaki salama. Bahasha yenye mapovu peke yake kwa jalada gumu haitoshi, mapovu yanasaidia mkwaruzo tu, pembe inabonyea vile vile.

Kikishakaa kwenye boksi la nje natikisa. Kikicheza naongeza karatasi za kukunjakunja mpaka kitulie, kwa sababu kitabu kizito kikipata nafasi ya kutembea kinapasua boksi kutoka ndani. Napima uzito baada ya kufunga na sio kabla, vifungashio vinaongeza na ukikosea unaweza kuvuka daraja la nauli. Cha fiziolojia kilivuka kweli, nikabadilisha boksi la nje nikaweka dogo lililokikaza, uzito ukarudi chini ya mstari. Ndani naweka kikaratasi chenye anwani ya mnunuzi na yangu, lebo ya nje ikibanduka njiani bado mzigo unajulikana ni wa nani, na kabla sijaupeleka napiga picha moja ya mzigo uliofungwa lebo ikisomeka, namtumia mnunuzi pamoja na namba ya kufuatilia.